Tundu la pini na pengo la uma: uache uwazi kiasi gani? Njia tatu za kupima kiungo cha pini 20 na sikio 12

Fundi akiwa na pini mkononi na sikio la chuma mezani, maswali hubaki mawili: tundu litobolewe kwa kipimo gani, na mashavu mawili ya uma yaachane kwa umbali gani. Hesabu yenyewe ni fupi. Tundu ni kipenyo cha pini ukiongeza uwazi wa tundu. Pengo ni unene wa sikio ukiongeza uwazi wa pembeni.

```
D = d + c
G = t + s
```

Hapo d ni kipenyo cha pini, t ni unene wa sikio, c na s ni uwazi. Ugumu uko kwenye c na s. Karakana za Mtwara, Masasi au Nachingwea hutoa majibu matatu tofauti, na yote matatu ni sahihi mahali pake: uwazi finyu, uwazi wa wastani na uwazi mkubwa. Makala hii inayalinganisha kwa kiungo kimoja: pini ya milimita 20, sikio la flatiba ya milimita 12, uma wa mashavu mawili ya milimita 10 kila moja, na sikio lenye urefu wa milimita 50 ndani ya uma.

## Vigezo vya kupimia

Kila njia tunaiuliza mambo manne. Kwanza, kiungo kitagonga na kupoteza mwendo kiasi gani? Pili, sikio litaweza kuinama kwa nyuzi ngapi kabla ya kuanza kubana? Tatu, pini itabeba mzigo vipi? Nne, inahitaji zana gani, na kiungo kitakubali kufungwa na kufunguliwa baada ya rangi, vumbi na kutu?

Swali la pili ndilo husahaulika zaidi. Sikio likiinama ndani ya uma, linazuiwa na vitu viwili. Kingo zake hugusa mashavu, na hapo pembe ni takriban uwazi wa pembeni kugawa kwa urefu wa sikio lililo ndani ya uma. Pia kingo za tundu lake hubana pini, na hapo pembe ni takriban uwazi wa tundu kugawa kwa unene wa sikio. Kinachofika kwanza ndicho kinachotawala. Kwa hiyo kupanua pengo peke yake bila kupanua tundu, au kinyume chake, mara nyingi ni kazi bure.

Kuhusu mzigo, pini iliyoshikwa na mashavu mawili na kuvutwa katikati hupinda. Uwazi wa pembeni unasogeza mashavu mbali na sikio, na hivyo kuongeza mpindo:

```
M = (F/2) x (a/2 + t/4 + g)
```

F ni nguvu ya kuvuta, a ni unene wa shavu, g ni uwazi wa upande mmoja, yaani nusu ya s. Katika mifano yote tutatumia nguvu ya kilonewtoni 10, ambayo ni karibu sawa na uzito wa tani moja.

## Kabla ya kuchagua, pima ulicho nacho

Chuma cha dukani hakina kipimo kamili. Nondo nyeusi ya mviringo iliyoandikwa 20, ile iliyotoka kiwandani ikiwa imeviringishwa moto, inaruhusiwa kuzidi au kupungua nusu milimita. Flatiba ya 12 nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo unaweza kununua yenye 11.5 au 12.5. Pini iliyotengenezwa kwa kipimo cha kiwanda ni nyingine: ya 20 huwa kati ya 19.87 na 20.00, haizidi. Halafu kuna pini za inchi. Ya robo tatu ni milimita 19.05, na ukiitia kwenye tundu la 20.5 uwazi wako ni karibu milimita moja na nusu, si nusu milimita uliyopanga.

Tumia vernia. Pima pini sehemu tatu za urefu wake, na kila sehemu pima mara mbili kwa kuizungusha robo, kwa sababu nondo nyeusi mara nyingi si duara kamili. Sikio lipime karibu na tundu, baada ya kusafisha kutu na matone ya kuchomelea. Chukua kipimo kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho d na t za hesabu, usitumie namba iliyoandikwa kwenye risiti.

## Uwazi finyu: tundu +0.1 hadi 0.2, pengo +0.3 hadi 0.5

Kwa kiungo chetu, pini ya 20.0 inapata tundu la 20.1 hadi 20.2, na sikio la 12.0 linapata pengo la 12.3 hadi 12.5.

Faida yake ni utulivu. Kwenye mfumo wa breki ya fimbo au klachi, uwazi wa kila kiungo hujumlishwa. Viungo vinne vyenye uwazi wa nusu milimita kila kimoja vinaweza kula milimita mbili za mwendo, na ikiwa pedali inazidisha mwendo mara nne, mguu unapoteza milimita nane kabla breki haijaanza kushika. Viungo vile vile vikiwa na 0.15 vinapoteza chini ya milimita mbili na nusu mguuni. Pini nayo hukaa vizuri kwenye tundu, sehemu pana ya chuma ikibeba mzigo, na mpindo wake ni mdogo kuliko katika njia nyingine.

Kuinama, hata hivyo, ni karibu hakuna. Uwazi wa pembeni wa 0.4 kwenye urefu wa 50 unatoa chini ya nusu nyuzi. Ikiwa mashine inajipinda kidogo wakati wa kazi, kiungo hiki kitabana, na mzigo utahamia kwenye kingo.

Zana ndizo zinazowakatisha wengi tamaa. Drili ya mkono haitoi tundu la 20.1 la kuaminika, kwa kuwa biti hutetemeka na tundu hutoka kubwa au la pembe tatu kidogo. Njia ya uhakika ni kutoboa dogo, mfano 19.75, kisha kumalizia kwa rima, au kumpa fundi mkereza alitoboe kwenye mashine. Mashavu mawili lazima yatobolewe kwa mpigo mmoja. Kanuni yake ni rahisi: ikiwa vitovu vya matundu mawili ya mashavu vimepishana, pini iliyonyooka itapita tu kama uwazi wa tundu ni mkubwa kuliko kupishana huko. Ukiwa na uwazi wa 0.15, kupishana kwa 0.2 tayari kumekataa pini.

Kinachoharibu kiungo finyu huku pwani ni kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo uwazi wa 0.1 kwenye mashine iliyolazwa karibu na mashamba ya chumvi ya Lindi, au kwenye boti ya Mikindani, unaweza kuziba kabisa na pini ikahitaji nyundo na moto kutoka. Kiungo finyu bila nipo ya grisi au bushi ya shaba nyeusi kisiwekwe pwani. Wanaodhani chuma cha pua kinamaliza tatizo wajue kwamba pini ya chuma cha pua ndani ya tundu la chuma cha pua, bila mafuta, huweza kukwaruzana hadi ikashikana.

Njia hii inamfaa mwenye mfumo wa breki, klachi, usukani au lever ya gia, mwenye zana za kukereza, na mwenye kawaida ya kutia grisi.

## Uwazi wa wastani: tundu +0.5, pengo +1 hadi 1.5

Hii ndiyo kazi ya kila siku ya karakana, na tutaihesabu hatua kwa hatua kwa sababu makosa mengi hutokea hapa.

Tuseme pini yetu ya nondo imepimwa 20.1 mahali pake panene, na sikio 12.3. Kiungo ni cha mlango wa nyuma wa tela, kitapakwa rangi makoti mawili.

Tuanze na pengo. Rangi iliyokauka tuichukue 0.08 kwa kila uso baada ya makoti mawili ya kawaida. Nyuso zinazohusika ni nne: mbili za sikio na mbili za ndani ya mashavu. Hiyo ni 0.32. Mashavu yaliyochomelewa huvutwa na joto na mdomo wa uma hufunga, kwa hiyo tenga 0.5 hata kama umeyazuia vizuri. Ongeza 0.3 ili sikio lipite bila kulazimishwa. Jumla ni 12.3 + 0.32 + 0.5 + 0.3 = 13.42. Andika 13.5.

Sasa tundu. Ndani ya matundu zuia rangi kwa kizibo cha karatasi au kitambaa chenye grisi, basi rangi ni sifuri. Kupishana kwa vitovu baada ya kutoboa kwa stendi na klampu tuchukue 0.3, na 0.1 ya pini kuteleza. 20.1 + 0.3 + 0.1 = 20.5. Biti ya 20.5 inatosha kabisa. Lakini ona jinsi ukingo ulivyo mwembamba: kama pini ingepimwa 20.4, biti hiyo hiyo ingekuacha na 0.1 tu, na kupishana kokote kungeizuia. Hapo ama kereza pini hadi 20.0 au panda hadi biti ya 21.

Ikiwa kitu kitazamishwa kwenye zinki ya moto badala ya rangi, unene wa zinki kwenye chuma kinene zaidi ya milimita 6 ni wastani wa angalau 0.085 kila uso. Pengo linakula karibu kiasi kile kile cha rangi. Tundu, kwa kuwa huwezi kulizibia kwa karatasi, linapungua 0.17, na pini ikizamishwa nayo inanenepa 0.17 nyingine. Tayari 0.34 ya ile 0.4 imeondoka, na chozi moja la zinki ndani ya tundu linamaliza kilichobaki. Kwa zinki, tundu la pini hii liwe 21.

Kwenye kujenga, siri yote iko kwenye kipande cha nafasi. Kata bamba lenye unene wa pengo unalotaka. Kama huna la 13.5, weka flatiba ya 12 na vipande vya bati hadi vernia isome 13.5. Libane katikati ya mashavu mawili kwa klampu, toboa yote kwa pamoja, kisha chomeka pini kwenye matundu kabla ya kuchomelea. Dona kila upande kwanza, halafu chomelea kwa zamu, upande huu kidogo na ule kidogo. Usitoe kipande cha nafasi wala pini hadi chuma kipoe kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu. Ukitoa chuma kikiwa bado cha moto, mashavu yanaendelea kusogea, na sikio lililoingia vizuri saa nne asubuhi linagoma saa sita.

Kuinama katika njia hii: uwazi wa pembeni wa 1.2, kabla ya rangi na mvuto wa kuchomelea, kwenye urefu wa 50 unatoa karibu nyuzi 1.4. Tundu lingeruhusu nyuzi 2.4 (0.5 kugawa kwa 12), lakini pengo linafika kwanza. Mpindo wa pini, tukichukua g kuwa 0.5, ni 5,000 × (5 + 3 + 0.5) = 42,500 Nmm, ambao kwenye pini ya 20 unaleta mkazo wa karibu megapaskali 54. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye 235 hivi, kwa hiyo kuna akiba nzuri ya mishtuko.

Ubaya ni kwamba kiungo kinagonga kidogo. Kwenye fimbo ya breki hilo halikubaliki, na kwenye kiungo cha tela kinachopita mitaro, nyuzi 1.4 hazitoshi hata kidogo.

Urefu wa pini usiuache kwa makadirio. Shavu 10, pengo 13.5, shavu 10, washa ya milimita 3, na milimita moja ya kupumua: 37.5 hadi ukingo wa karibu wa tundu la spliti pini. Tundu hilo kwa pini ya 20 ni milimita 5, hivyo kitovu chake kiko kwenye 40, na ukiacha milimita 8 za chuma mbele yake unapata 48. Chukua pini ya 50 chini ya kichwa.

## Uwazi mkubwa: tundu +1 hadi 2, pengo +3 au zaidi

Wengi huiona njia hii kama kazi ya fundi mvivu. Si haki. Kuna viungo ambavyo bila uwazi mkubwa vitavunjika.

Chukua tela ya pawatila inayobeba magunia ya korosho kutoka shambani Tandahimba hadi ghala la chama cha msingi, imeunganishwa kwa pini moja ya wima tu. Nguzo yake ya kuvutia ina urefu wa mita 2. Gurudumu la mbele likishuka kwenye mtaro, tofauti ya kimo ya sentimita 20 kati ya ncha mbili za nguzo ni jambo la kawaida. Sentimita 20 kwa mita 2 ni moja kwa kumi, yaani karibu nyuzi 5.7. Ili sikio liiname hivyo ndani ya uma wa 50, uwazi wa pembeni lazima uwe 50 × 0.1 = milimita 5. Tundu la sikio nalo linahitaji 12 × 0.1 = 1.2, tuseme 1.5. Kwa hiyo pengo ni 17 na tundu ni 21.5. Mwenye kuweka pengo la 15 kwa kuona kwamba 3 ni nyingi anapata nyuzi 3.4 tu, na zilizobaki zinatafutwa kwa kupanua mashavu kwa nguvu au kukunja pini.

Bei yake ipo. Mpindo unapanda hadi 5,000 × (5 + 3 + 2.5) = 52,500 Nmm, mkazo wa karibu megapaskali 67, sawa na ongezeko la robo hivi kuliko njia ya wastani. Bado uko salama kwa mvuto wa taratibu. Tatizo kubwa zaidi ni mgusano: pini ya 20 kwenye tundu la 21.5 hugusa kwenye mstari mwembamba, na kwa hesabu ya mgusano wa duara ndani ya duara mgandamizo wa kilele unakuwa karibu mara 1.7 ya ule wa tundu la 20.5. Ongeza kugonga kila dereva anapoachia na kukamata mwendo, na tundu huanza kuwa refu kama yai upande wa kuvuta. Pini ya nondo laini haitadumu hapa, inayofaa ni ya chuma kigumu.

Wapo wanaoziba pengo kubwa kwa washa mbili. Washa za kawaida za boliti ya 20 zina unene wa milimita 3. Zinaliweka sikio katikati, hilo ni kweli, lakini hazipunguzi mpindo hata kidogo, kwa sababu pini ndani ya washa haijashikwa na kitu. Na zinaondoa ule uwazi wa kuinama uliokuwa unautafuta. Ukitaka washa na uinamaji pamoja, pengo lazima liongezeke, na mpindo nao. Afadhali kulainisha kingo za sikio kwa grenda, mviringo wa milimita mbili au tatu juu na chini: unapata nyuzi za ziada bila kusogeza mashavu.

Kwa upande wa zana hakuna njia nyepesi kuliko hii. Drili ya mkono inatosha, kupishana kwa milimita moja kunasamehewa, na vumbi la salfa la msimu wa kupulizia mikorosho au mchanga wa Nanyumbu hautaizuia pini kutoka kwa mkono.

## Dalili kwamba uwazi hukuupatia

Toa pini baada ya wiki chache za kazi na uitazame mchana. Pini iliyong'aa mkanda mmoja katikati na mikanda miwili ya mashavu, yote upande mmoja, iko sawa. Iking'aa kwenye kingo za sikio tu, kwa alama mbili nyembamba zilizo pande tofauti, sikio linainama kuliko tundu linavyoruhusu, ongeza c. Midomo ya mashavu ikiwa imekwanguliwa rangi au imefunguka, pengo ni dogo kwa uinamaji uliopo, ongeza s. Vumbi jekundu likitoka kwenye kiungo kisichotembea sana, kuna kusuguana kwa tetemeko dogo bila grisi: hapo tatizo ni mafuta, si kipimo. Na spliti pini ikikatika mara kwa mara, angalia kama washa yake inasukumwa na sikio linalotembea pembeni, maana spliti pini haikuwekwa kubeba nguvu ya upande.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Kama kiungo kinapeleka mwendo wa mguu au mkono wa mtu, kama breki, klachi au usukani, nenda na uwazi finyu na utafute mkereza. Kama fundi wa karibu hana rima wala mashine ya kukereza, toboa tundu kubwa na uweke bushi iliyokerezwa dukani, ni afadhali kuliko kubahatisha kwa drili.

Kama ni bawaba, mlango wa tela, mkono wa jembe au fremu inayofunguliwa mara chache na haijipindi, chukua wastani, lakini fanya hesabu ya rangi na mvuto wa kuchomelea kama hapo juu. Ikizamishwa kwenye zinki, tundu lipande hadi +1 huku pengo likibaki +1.5.

Kama vitu viwili vinapishana kimo au kujipinda wakati wa kazi, usianze na namba ya uwazi. Anza na pembe: pima tofauti ya kimo kugawa kwa urefu wa nguzo, zidisha kwa urefu wa sikio ndani ya uma upate s, zidisha kwa unene wa sikio upate c. Ikiwa s inazidi nusu ya unene wa sikio, pini moja imefika kikomo chake, na kazi hiyo inahitaji kiungo chenye pini ya pili ya mlalo au kichwa cha mpira.

Kama uko pwani na chuma ni cheusi bila zinki, ongeza robo milimita kwenye tundu la njia yoyote utakayochagua na uweke nipo. Na kama mwenye mashine hubadilisha pini kwa yoyote iliyopo dukani, leo ya milimita, kesho ya inchi, tengeneza tundu kwa pini kubwa anayoipata kwa urahisi, kisha mpe pini mbili za akiba zilizopimwa.